Kushinda Dola Mahakamani, Kukosa cha Kukamata

Ukishuka kutoka Same mjini kuelekea Korogwe, Makanya inajitambulisha kwa vumbi jeupe. Hiyo ni jasi, inayochimbwa kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Upare wa Kusini na kupakiwa kwenye malori kwenda viwanda vya saruji. Jasi ni sehemu ndogo tu ya mfuko wa saruji, kiasi cha asilimia tano au pungufu, lakini bila yake saruji ikishakorogwa na maji huganda kabla fundi hajaimwaga. Nimeanza na jasi kwa sababu kesi iliyobadilisha sheria ya kuishtaki dola ya kigeni, angalau kwa nchi zilizorithi sheria za Kiingereza kama sisi, ilikuwa kesi ya saruji.

Mwaka 1975 serikali ya Nigeria, ikiwa na fedha nyingi za mafuta, iliagiza saruji kiasi cha tani milioni 20 kwa mkupuo mmoja. Bandari ya Lagos haikuweza hata kidogo kuupokea mzigo huo. Mamia ya meli yalipanga foleni baharini, na kila siku ya kusubiri ilikuwa na faini yake ya ucheleweshaji. Katika mikataba hiyo mingi ulikuwamo wa tani 240,000, za kujengea kambi za jeshi, na Benki Kuu ya Nigeria ilikuwa imetoa hati ya kuahidi kumlipa muuzaji, kampuni ya Uswisi iitwayo Trendtex. Foleni ilipozidi, serikali ikaziamuru benki zake zisilipe. Trendtex ikaenda London, ambako Benki Kuu hiyo ilikuwa na fedha, ikafungua kesi.

Benki ikajibu kwa hoja iliyokuwa na nguvu kwa karne nzima: mimi ni mkono wa dola, na dola moja haihukumiwi na mahakama ya dola nyingine. Januari 1977 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, Lord Denning akiwamo, ikaikataa hoja hiyo. Majaji walisema kwamba Benki Kuu ile ilikuwa chombo chenye nafsi yake kisheria, hivyo haikuwa idara ya serikali. Wawili kati ya watatu wakaenda mbali zaidi: hata ingekuwa idara ya serikali, dola inayoingia sokoni kununua saruji haina kinga kwa deni la saruji. Haidhuru kwamba saruji ile ilikuwa ya kambi za jeshi. Kinachopimwa ni asili ya tendo, na kununua saruji ni kununua saruji, mnunuzi awe jenerali au fundi wa Hedaru anayejenga choo.

Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likaiandika kanuni hiyo katika Sheria ya Kinga ya Dola ya 1978. Afrika Kusini ikatunga ya kwake mwaka 1981. Zote mbili zinasema kwa mapana yale yale: dola ya kigeni ina kinga ya kutoshtakiwa, isipokuwa pale shauri linapotokana na shughuli ya kibiashara, yaani kuuziana bidhaa au huduma, kukopeshana, kudhaminiana, na mengine ambayo dola huyafanya kama mtu yeyote wa soko. Tendo ambalo mfanyabiashara binafsi hawezi kulifanya, kama kutunga sheria, kufukuza mgeni au kutaifisha shamba, hubaki ndani ya kinga.

Tanzania haina sheria mahususi ya namna hiyo. Tunacho kifungu cha Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, kinachotupokeza sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ukikaa nacho kwa makini utaona tatizo: mwaka 1920 Uingereza ilikuwa bado inashikilia kinga kamili, isiyo na tundu la biashara. Kwa hiyo wakili anayemshtaki mnunuzi wa kigeni katika mahakama zetu anapoinua Trendtex, anainua hukumu ya miaka 57 baada ya tarehe hiyo, yenye nguvu ya ushawishi tu. Mwelekeo wa dunia uko upande wake, na sidhani jaji wa leo angeirudisha kinga kamili kwa deni la bidhaa. Hata hivyo, si jambo la kuliingia bila maandalizi.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Makanya anauza jasi kwa wizara ya ujenzi ya nchi jirani. Mzigo unafika, unapokelewa, malipo hayaji. Anafungua kesi, na wito hauwezi kupelekwa tu na karani ubalozini, maana ubalozi si mahali pa kupelekea wito kwa nguvu. Hupitia Wizara ya Mambo ya Nje mpaka kwa mwenzake wa upande wa pili. Mdaiwa asipotokea, mahakama yenyewe inapaswa kujiuliza kama kuna kinga. Anathibitisha kwamba ulikuwa mkataba wa mauzo, kinga inakaa kando, na anapata hukumu. Miezi mingi imepita, lakini ameshinda. Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha, na kwa kawaida inakuwa ndiyo kwanza imeanza.

Kinga ya dola ni mbili, si moja. Ya kwanza ni ya kutoshtakiwa. Ya pili ni kinga dhidi ya kukaziwa hukumu, yaani mali yake kuzuiwa, kukamatwa na kupigwa mnada. Kuvuka ya kwanza hakukuvushi ya pili. Hata dola iliyosaini kwamba inakubali kushtakiwa haijasema kwa hilo kwamba inakubali mali yake ikamatwe; hiyo inataka ridhaa nyingine, ya wazi, kwa maandishi.

Jambo ambalo mara nyingi halisemwi waziwazi ni kwamba kipimo chenyewe hugeuka kati ya hatua hizi mbili. Katika hatua ya kwanza mahakama haitazami kusudi: saruji ya kambi ya jeshi bado ni biashara. Katika hatua ya pili mahakama inatazama kusudi karibu peke yake. Haiulizi tena deni lilitokana na nini. Inauliza mali hii unayotaka kuikamata inatumika kwa kazi gani sasa hivi. Ikiwa inatumika, au imetengwa kutumika, kwa biashara, inakamatika. Ikiwa ni kwa kazi za utawala, haikamatiki, hata kama deni ni la biashara tupu. Na kwa asili, karibu kila kitu ambacho dola inamiliki nje ya mipaka yake kiko huko kwa kazi za utawala.

Fuata macho ya mfanyabiashara wetu anapotafuta cha kukamata Dar es Salaam. Anaona jengo la ubalozi na magari yake. Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 22, unasema jengo, samani na vyombo vya usafiri vya ubalozi havipekuliwi, havizuiwi wala havikaziwi hukumu. Basi anaigeukia akaunti ya ubalozi benki. Hapa kesi inayosomwa zaidi ni ya Alcom dhidi ya Kolombia, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1984. Alcom iliuuzia ubalozi wa Kolombia vifaa, haikulipwa, ikashinda, ikaomba fedha zilizo katika akaunti ya ubalozi huo London. Malodi wakakataa. Akaunti ile ilitumika kulipia kila kitu: mishahara, umeme, safari, na bila shaka manunuzi kadhaa ya kawaida. Wakasema akaunti ya namna hiyo haigawanyiki vipande. Mpaka mdai aonyeshe kwamba fedha zote zimetengwa kwa biashara tu, ukiacha vijisenti visivyo na maana, ina kinga. Na cheti cha balozi kusema kwamba fedha hazitumiki kibiashara kinatosha hadi mdai athibitishe kinyume chake. Atathibitishaje, ikiwa taarifa za akaunti anazo balozi na benki?

Benki kuu, basi? Trendtex ilifika kwenye fedha za benki kuu, na labda ndiyo maana watunga sheria waliharakisha kulifunga tundu hilo. Sheria ya Uingereza ya 1978 inasema mali ya benki kuu ya dola ya kigeni haihesabiki kuwa ya biashara. London ilitaka akiba za mataifa ziendelee kulazwa kwake, na hakuna nchi inayolaza akiba mahali ambapo muuza saruji anaweza kuifikia. Nchi nyingi zimefuata njia hiyo.

Yanabaki mashirika ya umma: la mafuta, la bandari, la ndege. Haya yana mali za biashara bila ubishi. Lakini hapa mdai anakutana na kizuizi kisichohusu kinga hata kidogo: shirika lina nafsi yake kisheria, na deni la serikali si deni la shirika. Wizara ndiyo iliyonunua jasi. Huwezi kukamata meli ya kampuni ya mafuta kwa sababu tu mwenye hisa ni yule yule. Kwa jumla, mali inayofaa kukamatwa inabidi itimize masharti matatu kwa pamoja: iwe ya serikali yenyewe, itumike kwa biashara, na iwe katika nchi ambayo mahakama zake ziko tayari kusikiliza. Si mara nyingi mali ya namna hiyo hupatikana.

Sasa ndege. Wasomaji wengi wanakumbuka habari za ndege zetu kuzuiwa ughaibuni, na mjadala ukawa wa hasira, uzalendo na nani aliyewaambia wadai. Sheria ya jambo lenyewe haikuelezwa vya kutosha. Ndege zilizonunuliwa tangu 2016 zinaendeshwa na Air Tanzania, lakini mwenye mali si kampuni hiyo. Ni serikali, kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, unaozikodisha kwa kampuni. Mpangilio huo una sababu zake nzuri, mojawapo ikiwa kuzikinga ndege na wadai wa zamani wa shirika. Lakini huo huo unazifanya zitimize yale masharti matatu: ni mali ya serikali yenyewe, zinabeba abiria kwa nauli, na kazi yao ni kutua nchi za watu. Ukiwa mdai wa Jamhuri ya Muungano mwenye tuzo ya usuluhishi mkononi, hutahangaika na ubalozi. Utasoma ratiba ya safari.

Ndivyo ilivyotokea mara kadhaa. Mwaka 2017 kampuni ya ujenzi ya Stirling ilizuia ndege mpya ya Q400 huko Kanada kabla haijakabidhiwa, kwa deni la takriban dola milioni 38 lililotokana na mgogoro wa barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo. Ndege ilifika nchini mwaka uliofuata. Agosti 2019 mkulima Hermanus Steyn alipata amri ya mahakama mjini Johannesburg ya kuizuia Airbus A220-300 iliyokuwa imepeleka abiria huko. Desemba 2022 ikatangazwa kwamba Airbus nyingine imezuiwa Uholanzi, ilikokwenda kwa matengenezo, safari hii na kampuni ya Uswidi ya EcoEnergy, iliyokuwa na mpango wa shamba la sukari Bagamoyo na kushinda tuzo ya dola milioni 165.

Kesi ya Steyn ndiyo inayofundisha zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna tofauti ya mambo yanayochanganywa. Chanzo chake kilikuwa mali zake kutaifishwa nchini miaka ya 1980. Kutaifisha si biashara. Ni tendo la mamlaka, na kama angekwenda kushtaki kwa kutaifisha tu, kinga ya kutoshtakiwa ingemzuia mlangoni. Lakini baadaye kulikuwa na tuzo ya fidia ya dola milioni 36, makubaliano ya kulipa, na sehemu ikalipwa. Alichokwenda nacho Johannesburg kilikuwa deni lililobaki pamoja na riba, dola milioni 33 hivi kwa hesabu yake. Serikali haikuanza kwa kubishana kama ndege ni ya biashara. Hoja hiyo ingekuwa ngumu kuishinda. Ilisema mahakama ile haina mamlaka juu ya mgogoro wenyewe. Tarehe 4 Septemba 2019 mahakama ikaiachia ndege na kumbebesha Steyn gharama za kesi. Miezi miwili baadaye akaenda Kanada na kuzuia Q400 nyingine, na hiyo nayo ikaachiwa, ikapokewa Mwanza mwezi Desemba.

Kinachoonekana hapo ni kwamba mdai aliyepata mali inayokamatika bado anaweza kushindwa kwa kuruka hatua. Tuzo iliyotolewa Dar es Salaam si hukumu ya Johannesburg. Lazima kwanza itambuliwe na mahakama ya nchi ile, kwa njia iliyowekwa na sheria ya nchi ile, ndipo uulize habari ya kuikazia. Kuanza na mali kwa sababu imetua leo na kesho itaondoka kunaeleweka, lakini ndiko kulikomwangusha.

EcoEnergy walikuwa na tuzo ya aina nyingine, ya kituo cha Benki ya Dunia cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ICSID, ambacho Tanzania ni mwanachama wake tangu 1992. Mkataba wa kituo hicho unazitaka nchi zote wanachama, katika ibara ya 54, ziichukulie tuzo kama hukumu ya mwisho ya mahakama zao. Mwekezaji akisoma hapo anafurahi. Ibara inayofuata, ya 55, inasema hakuna lolote katika ibara ya 54 litakaloondoa sheria ya nchi husika kuhusu kinga dhidi ya kukaziwa. Yaani nchi zilizokaa Washington mwaka 1965 na kufungua njia ya kushtakiwa na wawekezaji binafsi, zilifika kwenye kukamatwa mali zikasita. Zilitoa mkono mmoja na kuuficha wa pili nyuma ya mgongo.

Kusita huko si hila tupu, na hapa sikubaliani na wale wanaoiona kinga ya pili kama mabaki ya enzi za wafalme. Hukumu dhidi ya dola ni karatasi ya kuaibisha. Kukamata mali ni kuisimamisha kazi. Akaunti ya ubalozi ikizuiwa, mwanafunzi aliyepoteza pasipoti hahudumiwi. Na kila nchi ni mdai leo na mdaiwa kesho: jaji anayeruhusu fedha za ubalozi wa wengine zikamatwe anaweka mfano utakaotumika dhidi ya ubalozi wake. Ghana ilionja hili Oktoba 2012, mahakama yake ilipoizuia bandarini Tema meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Argentina, kwa ombi la mfuko uliokuwa umenunua hati za deni la nchi hiyo. Argentina ilikuwa imesaini kuachia kinga, kwa maneno mapana sana. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ikaamuru Desemba 15 meli iachiwe, kwa kuwa meli ya kivita ina kinga. Kuachia kinga kwa maneno ya jumla hakufiki kwenye meli ya kivita wala kwenye mali ya ubalozi, isipokuwa zimetajwa kwa jina.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mtu wa Same ana uwezekano mdogo wa kuidai Kolombia na mkubwa wa kuidai halmashauri. Huko hakuna dola ya kigeni, lakini mpangilio ni ule ule wa hatua mbili, na ya pili ni nzito zaidi. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, iliyotungwa 1967, inaruhusu Serikali ishtakiwe kwa mikataba na kwa madhara. Kwa miaka ishirini hivi ruhusa hiyo ilikuwa nusu: marekebisho ya 1974 yalitaka kibali cha waziri kwanza. Mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ikiwa Arusha, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ilisema kibali hicho kinakiuka Katiba. Bunge likakiondoa mwaka 1994 na kuweka mahali pake notisi ya siku 90. Hiyo ni hatua ya kwanza, na ilifunguliwa vizuri.

Ya pili haikuguswa. Ukiishinda Serikali, hupewi dalali wa mahakama. Unapewa cheti kinachotaja kiasi unachodai, unakipeleka kwa ofisa mwenye jukumu la kulipa, unasubiri bajeti. Mali ya Serikali haizuiwi wala haikamatwi. Zamani halmashauri na mashirika ya umma yalikuwa nje ya ulinzi huo, na gari la halmashauri kusimamishwa na dalali halikuwa jambo la ajabu. Sheria Na. 1 ya 2020 ikabadilisha: sasa ulinzi unazifunika pia serikali za mitaa, wakala, mashirika ya umma na kampuni ambazo Serikali ina hisa nyingi. Notisi ya siku 90 inawahusu wote, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika kesi, na kesi ni ya Mahakama Kuu. Aliyejenga darasa Gonja na hajalipwa hawezi kuanzia Mahakama ya Wilaya hapo Same. Safari yake ni Moshi.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Nje ya nchi, mali ya dola yetu inayofanya biashara inakamatika. Ndani ya nchi, kampuni ya umma inayofanya biashara ile ile haikamatiki. Mwekezaji wa Uswidi ana njia, hata kama ni ya vikwazo, ambayo mkandarasi wa Upareni hana kabisa. Hoja ya kulinda huduma za umma inaeleweka kwa gari la wagonjwa. Haieleweki kwa kampuni inayouza bidhaa sokoni ikishindana na watu binafsi. Sheria zilizotungwa kwa dola za kigeni zimeweza kuigawa mali ya biashara na mali ya utawala. Sioni kwa nini sheria yetu ya ndani ishindwe.

Mpaka hapo itakapobadilishwa, kazi iko kwenye mkataba, kabla lori la kwanza halijaondoka. Unayeiuzia dola ya kigeni, andika kifungu cha kuachia kinga ya kushtakiwa, na kingine mbali nacho cha kuachia kinga dhidi ya kukaziwa, kikitaja mali au akaunti fulani iliyotengwa kwa ajili ya deni hili. Dai hati ya malipo iliyothibitishwa na benki ya tatu, ili mdaiwa wako awe benki isiyo na kinga yoyote. Unayeiuzia halmashauri huna nafasi ya kuandika hayo yote, ila unaweza kudai malipo ya awali na kugawa kazi katika vipande vidogo vinavyolipwa kimoja kimoja, na ukiona kipande cha pili hakijalipwa usianze cha tatu. Deni likishakuwa kubwa, hukumu haitakupa zaidi ya cheti.